Nalipa kila mwezi, mbona deni la kadi linapanda?

*"Shikamoo. Niko Ohio mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Nina kadi ya mkopo yenye kikomo cha dola 5,000, na APR ni 25.55%. Disemba mwaka jana deni lilikuwa dola 3,360. Tangu hapo kila mwezi nalipa kile kiasi kilichoandikwa Minimum Payment Due, sijawahi kuchelewa hata siku moja. Kadi siitumii sana, ni mafuta ya gari na bili ya simu, haizidi dola 90 kwa mwezi. Sasa stetimenti ya Disemba hii inasema nadaiwa dola 4,000. Nimelipa zaidi ya dola 1,300 mwaka mzima na deni limepanda! Je, benki wananiibia? Na rafiki yangu ananiambia nisilimalize lote, nibakize kidogo ili alama zangu za mkopo zipande. Ni kweli?"*

Marahaba, dada yangu. Nimepiga hesabu yako mara mbili na haina wizi ndani yake. Kila dola inaonekana ilikokwenda, na nitakuonyesha.

Anza na kile kisanduku cha juu kwenye stetimenti ambacho wengi hukiruka, chenye "Previous Balance" juu kabisa na "New Balance" chini. Hicho ni daftari la duka tu. Unachukua deni la mwezi uliopita, unatoa ulicholipa, unajumlisha ulichonunua, unajumlisha ada kama zipo, unajumlisha riba, na jibu lazima liwe deni jipya. Kwa kadi kama yako, Disemba inakaa hivi: deni la nyuma dola 3,950, umelipa 120, umenunua vitu vya 88, riba 82. Toa na ujumlishe, unapata 4,000. Chukua stetimenti yako halisi ufanye hivyo hivyo kwa kalamu. Isipofika, hapo ndipo una haki ya kupiga simu benki na kuuliza. Ikifika, basi tatizo liko kwingine.

Liko kwenye mstari wa riba. APR ni riba ya mwaka, lakini benki haingoji mwaka uishe. Inaigawa kwa siku 365, na 25.55 ukiigawa kwa 365 unapata asilimia 0.07 kwa siku. Ni senti 7 kwa kila dola 100, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwenye deni la dola 4,000 hizo ni dola 2 na senti 80 kila unapoamka. Siku 30 zikipita ni dola 84. Stetimenti yako inaonyesha 82 na si 84 kwa sababu benki haiangalii deni la siku ya mwisho peke yake. Inachukua deni la kila siku ya mwezi, inatafuta wastani, ndipo inapiga riba. Siku ulipolipa 120 deni lilishuka kidogo, ulipojaza mafuta likapanda kidogo, na wastani ukawa karibu dola 3,905.

Sasa tuje kwenye "Minimum Payment Due", maana hapa ndipo watu wetu wengi wanaponaswa, na sababu yake naielewa. Sisi tumezoea mkopo wa rejesho. Unakopa SACCOS au benki, unapewa ratiba: rejesho kiasi fulani, miezi 24, basi. Ukilipa rejesho bila kukosa, mwezi wa 24 umemaliza, kwa sababu rejesho lilipigiwa hesabu lifike mwisho. Kwa hiyo mtu akiona kwenye kadi kiasi na tarehe, anadhani naye amepewa rejesho. Analipa kwa uaminifu na kungoja deni liishe.

Kiasi hicho hakikupigiwa hesabu ya kumaliza deni. Ni kiasi kidogo kabisa ambacho ukilipa, benki haikuhesabu kuwa umekosa. Kila benki ina kanuni yake, imeandikwa kwenye mkataba wa kadi, lakini iliyoenea Marekani ni hii: asilimia 1 ya deni, jumlisha riba ya mwezi huo, na ada kama zipo. Deni likiwa dogo sana kunakuwa na kima cha chini, tuseme dola 35. Kwako wewe asilimia 1 ya 4,000 ni dola 40, ongeza riba 82, unapata 122. Ndiyo namba ambayo stetimenti inakudai sasa.

Iangalie hiyo 122 vizuri. Ukiilipa, 82 inakwenda kufuta riba ambayo tayari imeshaongezwa. Dola 40 tu ndizo zinazogusa deni lenyewe. Halafu katika mwezi huo huo unachaji mafuta na simu kwa dola 88. Umetoa 40, umeweka 88. Deni limepanda kwa karibu dola 50, na litapanda hivyo mwezi ujao na unaofuata.

Kwa mwaka mzima picha yako ni hii. Umelipa karibu dola 1,370. Riba imekula karibu 930. Zilizobaki, kama 440, zimepunguza deni. Kwenye kadi umenunua vitu vya karibu 1,080. Toa 440 kwenye 1,080 unapata 640, na 640 ukiijumlisha na 3,360 unafika 4,000. Hiyo 930 usinichukulie mimi neno: chini ya orodha ya miamala, stetimenti ya Marekani huwa na sehemu ndogo yenye maneno "Total interest charged in" na mwaka wenyewe. Watu wengi niliokaa nao mezani hawajawahi kushusha macho hadi hapo.

Kwa hiyo lile linalosemwa sana, kwamba ukilipa kiasi cha chini riba inazidi malipo na deni linakua lenyewe, kwa kadi nyingi za siku hizi si sahihi kabisa. Kanuni ya "asilimia 1 pamoja na riba" inahakikisha deni linashuka kidogo, mradi hununui kitu. Linalokuza deni ni riba kula sehemu kubwa ya malipo mpaka kinachobaki hakitoshi kufunika hata matumizi madogo. Dola 90 si matumizi makubwa, nakubali. Ila zinashindana na dola 40, hazishindani na 122.

Kuna jambo jingine limejificha hapo. Mtu anayelipa deni lake lote kila mwezi huchaji mafuta leo na halipi riba yoyote hadi tarehe ya malipo, na sheria inaitaka benki ikutumie stetimenti angalau siku 21 kabla ya tarehe hiyo. Huo muda wa bure wewe huna. Ukishabeba deni kuvuka mwezi, kadi nyingi zinakunyang'anya, na kila unachonunua kinaanza kulipiwa riba siku hiyo hiyo kinapoingia kwenye akaunti. Muda huo haurudi mpaka umalize deni lote, mara nyingi kwa miezi miwili mfululizo. Ndiyo maana mafuta yako yanakugharimu zaidi ya yaliyoandikwa kwenye pampu.

Sasa, karibu na hicho kiasi cha chini, tafuta sanduku lenye kichwa "Minimum Payment Warning". Limo humo kwa amri ya sheria ya mwaka 2009 iitwayo CARD Act. Mstari wa kwanza unaeleza utachukua muda gani ukilipa kiasi cha chini tu. Kwa kadi kama yako, hesabu yangu inatoa karibu miaka 15, na jumla utakayokuwa umelipa karibu dola 10,900. Mstari wa pili unakwambia ulipe kiasi gani ili umalize kwa miezi 36: kwako ni karibu dola 160 kwa mwezi, jumla dola 5,770 hivi. Tofauti inapita dola 5,000. Na soma maneno madogo juu ya sanduku, yanasema hesabu hiyo ni kama hutanunua kitu kingine chochote kwa kadi hiyo. Ukiendelea na mafuta na simu, hata hiyo miaka 15 haipo.

Utauliza miaka 15 inatoka wapi wakati kila mwezi unatoa dola mia na ushee. Inatoka kwenye jambo hili, ambalo mimi naliona ndilo la kushika kuliko yote: kiasi cha chini kinasinyaa. Deni likishuka, asilimia 1 yake inashuka, riba inashuka, na benki inakudai kidogo zaidi. Leo 122, baada ya miaka kadhaa 80, halafu 50, mpaka kwenye kile kima cha 35. Kila unapopata nafuu, kasi yako inapunguzwa, na wewe unafurahi kwa sababu bili imekuwa ndogo.

Sasa jaribu hivi. Usiongeze hata senti. Lipa hizo hizo dola 122 za leo, kila mwezi, hata stetimenti ikikudai 110 au 70, na kadi usiiguse. Utamaliza kwa karibu miezi 57, ambayo ni miaka 4 na miezi 9, na jumla utakuwa umelipa karibu dola 6,930. Kutoka miaka 15 hadi chini ya miaka 5, kwa fedha ambazo tayari unazitoa. Sababu ni kwamba dola 40 ulizopunguza mwezi huu haziliwi riba mwezi ujao, kwa hiyo mwezi ujao zinazogusa deni ni karibu 41, halafu 42, na kadiri unavyokwenda sehemu ya riba inajitoa kukuachia nafasi.

Ukiweza 160, ni miezi 36. Ukiweza 200, ni kama miezi 26. Nakushauri ufungue programu ya benki kwenye simu, uende kwenye malipo ya moja kwa moja, na badala ya kuacha kwenye "Minimum Payment" uchague kiasi chako mwenyewe, mara nyingi kimeandikwa "Fixed Amount" au "Other Amount". Kabla ya kuweka 160 hakikisha akaunti yako ya kawaida ina hizo fedha siku hiyo. Malipo yakirudi, unaweza kutozwa ada pande zote mbili.

Lakini mafuta na simu lazima vihame kwanza. Vilipie kwa kadi ya akaunti yako ya kawaida, ile inayokata fedha ulizonazo. Najua kitakachotokea: mwezi wa kwanza utabana, kwa sababu zile dola 90 ulikuwa unazikopa bila kuziona kama mkopo. Kama mshahara hauwezi kubeba 122 na hizo 90 pamoja, anza na 122 bila kadi, hiyo 160 itakuja baadaye.

Kuhusu kuhamisha deni. Utaletewa barua za kadi nyingine zenye riba sifuri kwa miezi 12, 15 au zaidi kwa deni unalolihamishia huko. Si utapeli, na kwa mtu sahihi inaokoa fedha nyingi. Ada yake kwa kawaida ni asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo kuhamisha 4,000 kunaanza na dola 120 hadi 200 juu ya deni. Tatizo ni kwamba kwa sasa umetumia asilimia 80 ya kikomo chako, na hilo linashusha alama, kwa hiyo huenda ukapewa kikomo kidogo au ukataliwe. Hatari nyingine nimeiona mara nyingi mno: kadi ya zamani inabaki sifuri, inaonekana kama nafasi, na baada ya mwaka mtu ana madeni mawili.

Njia ninayoipenda zaidi kwa mtu wa hali yako ni chama cha akiba na mikopo cha mtaani kwako, ambacho huko huitwa "credit union" na ni ndugu wa SACCOS yetu. Vile vilivyo chini ya serikali kuu vina ukomo wa riba wa asilimia 18 kwa mikopo ya kawaida. Dola 4,000 kwa asilimia 18, miezi 36, ni rejesho la karibu dola 145. Hilo ndilo rejesho la kweli, lenye mwisho, lile ulilodhani unalo. Si punguzo la kutisha ukilinganisha na 160, lakini linakuondolea kishawishi cha kulipa kiasi kinachosinyaa.

Kabla ya yote hayo piga simu namba iliyo nyuma ya kadi. Eleza kwamba umelipa kwa wakati mwaka mzima na unaomba riba ishushwe. Kama umepunguziwa saa za kazi au umeugua, sema hivyo pia na uulize kama wana mpango wa wateja waliopata shida. Wanaweza kukataa, na kuuliza hakushushi alama zako. Kama Kiingereza cha simu kinakupa taabu, omba mkalimani wa Kiswahili kabla hujaanza kueleza.

Sasa rafiki yako. Mwambie kwa upole kwamba hapo amekosea, ingawa hayuko peke yake. Mimi mwenyewe niliaminishwa hivyo nilipokuja, nikalipa riba karibu miaka miwili kwa deni ambalo ningeweza kulifuta. Kinachojenga alama ni kulipa kwa wakati, na kutumia sehemu ndogo ya kikomo. Benki huripoti deni lililoko, kwa kawaida lile la siku stetimenti inapofungwa. Ukitumia kadi kwa mafuta ya dola 45, stetimenti ikafungwa na 45, ukailipa yote kabla ya tarehe, tayari umeonekana kama mtu anayekopa na kulipa. Riba uliyolipa haiingii popote kwenye hesabu ya alama. Deni lako la 4,000 kwenye kikomo cha 5,000 linakushusha, na likifika chini ya 1,500 hivi utaona tofauti.

Jambo moja hukuuliza, lakini najua maisha yetu. Karibu na mwisho wa stetimenti kuna jedwali lenye kichwa "Interest Charge Calculation", na mistari yake ni kama "Purchases" na "Cash Advances". Huo wa pili ni fedha taslimu zilizotolewa kwa kadi, na kwako natumaini una sifuri. Siku mama akiumwa nyumbani, na ukafungua programu ya kutuma fedha na kuweka namba ya kadi hii, benki nyingi huhesabu hiyo kuwa ni fedha taslimu, si manunuzi. Kuna ada, mara nyingi asilimia 5 au dola 10, yoyote iliyo kubwa. Riba yake huwa juu zaidi, na inaanza siku hiyo hiyo hata kwa mtu asiye na deni. Tuma kwa kadi ya akaunti ya kawaida.

Tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana kama unafika mahali unatumia kadi moja kulipa nyingine, au kama kiasi cha chini kinakula kodi ya nyumba au chakula. Kwenye stetimenti yenyewe, karibu na lile sanduku la onyo, kuna namba ya simu ya bure ya washauri wa madeni. Chagua shirika lisilo la faida. Mengi yako chini ya mtandao wa National Foundation for Credit Counseling. Wanaweza kuongea na benki ishushe riba na ulipe kupitia kwao kwa miaka 3 hadi 5, kwa ada ndogo ya mwezi, na kwa kawaida kadi zenyewe hufungwa. Nenda na stetimenti tatu za mwisho na hati mbili za mshahara. Jihadhari na wale wanaokupigia wenyewe wakisema wataifuta nusu ya deni ukiacha kulipa: ukiacha, ada na riba zinaendelea, na benki inaweza kukushtaki. Na ikiwa siku moja utaletewa karatasi ya mahakama, usiiweke kabatini. Ina tarehe ya kujibu, na ofisi za msaada wa kisheria Ohio hushughulikia mambo hayo bila malipo kwa wenye kipato kidogo.

Mwisho kuna kitu kitakachokushtua siku ya furaha. Utakapolipa deni lote la stetimenti na kujiona umemaliza, mwezi unaofuata italetwa bili ndogo ya riba. Ni zile senti za kila siku zilizohesabiwa kati ya siku stetimenti ilipofungwa na siku fedha yako ilipofika. Deni likiwa dogo zitakuwa dola moja au mbili. Kama ungelipa 4,000 zote kwa mkupuo siku 25 baada ya kufungwa, zingekuwa dola 70. Usigombane nao na usiipuuze. Ilipe, halafu angalia stetimenti ya mwezi mmoja zaidi mpaka mstari wa "Interest Charged" usome $0.00.